Kwa nini donge la damu hubaki pale penye jeraha

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wanafunzi mliofika,

Mada ya kuganda kwa damu kwa kawaida hufundishwa kwa mchoro mmoja uliojaa mishale na namba za Kirumi. Wengi wetu tuliukariri usiku wa kuamkia mtihani, na jioni ya siku ya mtihani tukawa tumeshausahau. Leo sitauchora. Naomba tufuate swali moja tu hadi mwisho wake.

Ukichota damu ya mtu mwenye afya ukaiweka katika kichupa cha glasi kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, ndani ya dakika 5 hadi 15 itaganda yote. Mtu huyohuyo akijikata kidole, damu ileile itaganda milimita chache tu pale penye jeraha, na sentimita moja pembeni itaendelea kutiririka kana kwamba hakuna kilichotokea. Damu ni ileile, protini zake ni zilezile. Je, kwa nini kidoleni inajua mahali pa kukomea, na kichupani haijui?

Tuanze na jeraha lenyewe. Mshipa ukikatika, kwanza husinyaa. Hilo hupunguza damu inayopita, lakini halitoshi na halidumu, kwa hiyo tusikae hapo. Jambo kubwa ni kwamba utando wa ndani wa mshipa umechanika, na damu imegusana na kitu ambacho siku zote hufichwa nyuma ya utando huo: kolajeni. Katika damu huelea protini ndefu iitwayo protini ya von Willebrand, kwa jina la daktari wa Ufini aliyeueleza ugonjwa wa upungufu wake mwaka 1926. Damu ikiwa katika mwendo wa kawaida, protini hii hujikunja. Ikishanasa kwenye kolajeni, msukumo wa damu huivuta na kuinyoosha, na hapo ndipo hufunua sehemu zinazonasa chembe sahani.

Chembe sahani, ambazo maabara tunaziita plateleti, ni vipande vya seli visivyo na kiini. Kila mikrolita moja ya damu ina takribani 150,000 hadi 400,000, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 hivi. Ikinaswa kwenye jeraha, chembe sahani huacha umbo lake la sahani, hutoa miguu, na humwaga vifuko vyake. Vilivyomwagika, pamoja na thromboksani ambayo chembe huitengeneza papo hapo, huziita nyingine na kuziamsha. Zilizoamka hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa kutumia fibrinojeni kama daraja kati ya chembe na chembe. Kwa dakika chache tu kinakuwa kimepatikana kizibo.

Hapa ndipo aspirini hufanya kazi yake. Inazima kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Chembe iliyoguswa na aspirini inabaki hivyo mpaka ife. Ndiyo maana mtu aliyemeza kidonge leo, dawa ikishaondoka mwilini baada ya saa chache, athari yake kwenye damu bado ipo kwa siku kadhaa.

Kizibo hiki cha kwanza ni kama ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo: kinasimama, lakini msukumo ukizidi kinaporomoka. Mtu mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, anatuonyesha jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Aking'olewa jino, damu hukatika baada ya dakika chache, kama kwa mtu mwingine yeyote. Daktari asiyejua historia yake humruhusu kwenda nyumbani. Saa kadhaa baadaye, pengine usiku, pengo linaanza kuvuja tena, na safari hii halikatiki. Chembe sahani zake ni nzima na kizibo kilikaa sawasawa. Alichokosa ni kile ambacho kingekishikilia.

Kwa mtu mwenye upungufu wa chembe sahani, au wa ile protini ya von Willebrand, mambo huenda kinyume. Yeye hutokwa damu papo hapo, kwenye fizi na puani, na kama tatizo ni chembe zenyewe kuwa chache sana, utaona vidoa vidogo vyekundu kwenye ngozi ya miguu. Mwenye hemofilia huvuja kwa kuchelewa, na huvuja ndani, kwenye magoti na kwenye misuli. Kwa hiyo kabla hata ya kupeleka sampuli maabara, swali la damu ilianza kutoka lini na inatokea wapi linakwambia ni hatua ipi imeharibika. Mimi naliuliza swali hilo kabla ya kipimo chochote, na nawasihi wanafunzi wazoee kuliuliza.

Sasa tuingie kwenye fibrini, nyuzi za protini zinazokishikilia kizibo. Seli zilizo nje ya mshipa zina protini juu yake iitwayo kichochezi cha tishu, ambayo damu inayotiririka haipaswi kukutana nayo. Jeraha likitokea, kichochezi hicho hukutana na kigandishi VII, mojawapo ya zile protini za namba za Kirumi, na kwa pamoja huamsha kigandishi X, ambacho hutengeneza kidogo thrombini, kimeng'enya kinachotengeneza fibrini. Kidogo sana, kiasi kisichotosha kufanya donge la maana. Tena mwili hauuachii mlango huu wazi: kuna kizuizi maalumu kinachoufunga mara tu kigandishi X kinapoanza kutokea.

Lakini ile thrombini kidogo imeshafanya jambo kabla mlango haujafungwa. Imeziamsha chembe sahani zaidi, na imeviamsha vigandishi V na VIII. Chembe sahani zilizoamka hugeuza utando wake, mafuta fulani yaliyokuwa upande wa ndani yakatokeza nje, na mafuta hayo, kwa msaada wa kalsiamu, huvishika vigandishi na kuvikusanya mahali pamoja. Kigandishi VIII kikiwa na IX huamsha X kwa wingi. Kigandishi V kikiwa na X hutengeneza thrombini kwa mwendo ambao X pekee yake isingeufikia kamwe, mara maelfu kwa maelfu. Mwenye hemofilia hana VIII, au hana IX, kwa hiyo anaishia kwenye ile thrombini kidogo ya mwanzo.

Sisitizeni hili la mahali. Mlipuko wa thrombini haufanyiki katikati ya damu inayopita. Unafanyika juu ya chembe sahani zilizoamka, na chembe hizo zimenata kwenye jeraha. Hatua ya kwanza ndiyo inayoipa hatua ya pili uwanja wake. Hii ni nusu ya jibu la swali letu.

Thrombini ikiwa nyingi, hukata ncha ndogo za fibrinojeni, protini ambayo kila lita ya plazma ina kama gramu 2 hadi 4. Zikikatwa, molekuli hizo huanza kushikana zenyewe zikafanya nyuzi, na nyuzi zikafanya wavu unaozifunga chembe sahani na kunasa seli nyekundu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wavu huanza kuonekana wakati sehemu ndogo sana ya thrombini imeshatengenezwa, kama asilimia 5 tu. Iliyobaki huja baadaye, na ndiyo inayoufanya wavu uwe mnene. Vipimo vyetu vya kawaida vya maabara husimamisha saa pale damu inapoanza kuganda, kwa hiyo vinapima mwanzo tu. Mwisho wa kazi hiyo, kigandishi XIII, ambacho nacho huamshwa na thrombini, hushona nyuzi hizo moja kwa nyingine.

Mmeshaona thrombini imetajwa mara ngapi. Inaamsha chembe, inaamsha V na VIII, inakata fibrinojeni, inaamsha XIII. Kila inachokifanya kinaongeza thrombini nyingine au kinaimarisha donge. Kitu cha namna hiyo kikiachwa peke yake hakina sababu ya kusimama, na ndivyo inavyokuwa kichupani. Ndani ya mshipa, nini kinaisimamisha?

Mtiririko wa damu husaidia kwa kuzoa vigandishi vilivyoamka na kuvipunguza nguvu. Halafu kuna antithrombini, protini inayoikamata thrombini na kigandishi X na kutoviachia tena. Utando wa mishipa mizima una nyuzi za sukari zinazoiongezea antithrombini kasi, na dawa ya heparini inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, kwa nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1965, Olav Egeberg wa Norwe alieleza kuhusu familia moja iliyokuwa na upungufu wa kurithi wa antithrombini, na ambayo watu wake walipata madonge ya damu tena na tena. Tangu hapo hakuna aliyeiona protini hii kama pambo.

Lakini breki ninayotaka tuiangalie kwa makini ni nyingine, kwa sababu inaendeshwa na thrombini yenyewe. Juu ya seli za utando wa mshipa mzima kuna protini iitwayo thrombomodulini. Thrombini inayotoka kwenye jeraha ikisukumwa na damu hadi pembeni, penye utando usiochanika, hunaswa na thrombomodulini hiyo. Ikishanaswa, hubadilika tabia. Haiwezi tena kukata fibrinojeni, haiamshi tena chembe sahani. Badala yake huamsha protini C. Na protini C iliyoamka, ikisaidiwa na protini S, huvikatakata vigandishi V na VIII, vile viwili vilivyokuwa vinaleta mlipuko.

Hebu litafakarini. Thrombini ileile, ikiwa juu ya jeraha, inajenga. Ikivuka mpaka wa jeraha na kugusa utando mzima, inageuka kuwa amri ya kusimamisha ujenzi. Kadiri thrombini inavyozidi kumwagika pembeni, ndivyo breki inavyokazwa. Mpaka wa donge hauwekwi na damu, unawekwa na ukuta wa mshipa. Kichupa cha glasi hakina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana damu yote iliganda.

Breki hii haina nguvu sawa kila mahali. Katika mishipa midogo kabisa, damu kidogo inagusana na ukuta mwingi, kwa hiyo thrombini inayopita humo hukutana na thrombomodulini mara moja. Katika vena kubwa ya mguu, damu ni nyingi na ukuta ni mchache kwa kulinganisha. Nyuma ya vali za vena hizo kuna vimfuko ambamo damu huzunguka polepole, hasa mtu akilala kitandani siku nyingi baada ya upasuaji. Madonge ya miguuni mara nyingi huanzia humo, mahali ambapo hakuna jeraha hata moja. Dalili yake kubwa ni mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kipande kikikatika na kufika kwenye mapafu, mgonjwa hushindwa kupumua ghafla, na hiyo ni dharura.

Sasa niwape kisa cha kufanyia hesabu. Si cha mtu fulani, nimekitunga ili namba ziwe rahisi, lakini kinachotokea ndani yake kinajulikana vizuri hospitalini. Mtu ana donge kwenye vena ya paja. Anaanzishiwa wafarini peke yake, kwa dozi kubwa ya miligramu 10 kwa siku, bila heparini. Wafarini, ambayo kabla ya kuwa dawa ya watu ilikuwa sumu ya panya, huzuia vitamini K isitumike ini linapokamilisha vigandishi II, VII, IX na X. Hapo ndipo wengi huishia kukariri. Ini hutumia vitamini K hiyohiyo kukamilisha protini C na protini S. Yaani dawa inazima injini na breki kwa wakati mmoja.

Swali ni kipi kinaisha kwanza. Wafarini haiharibu protini zilizoko tayari kwenye damu, inazuia mpya tu, kwa hiyo kila moja hupungua kwa mwendo wake. Protini C hupungua nusu kila baada ya saa 8 hivi. Kigandishi VII hupungua nusu kwa saa 6 hivi. Kigandishi II, yaani prothrombini ambayo thrombini hutokana nayo, huchukua kama saa 60.

Tuchukulie utengenezaji umesimama kabisa. Baada ya saa 24, protini C imekatwa nusu mara tatu, na imebaki asilimia 12 na kidogo. Prothrombini bado ni asilimia 76. Kama mtu huyu alizaliwa na protini C nusu ya kawaida bila kujua, sasa amebaki na asilimia 6. Malighafi ya donge ipo karibu yote, breki imekwisha. Mwilini mambo huenda polepole kuliko hesabu hii, kwa kuwa dawa haisimamishi utengenezaji kwa mkupuo mmoja, lakini mpangilio wa kutangulia na kufuata ni huohuo.

Ubaya zaidi ni kwamba karatasi ya maabara inaweza kutufariji bila sababu. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu imechelewa kuganda kwa kiasi gani, huitikia haraka kupungua kwa kigandishi VII, na VII huisha mapema. Siku ya pili au ya tatu INR inapanda, daktari anasema dawa imeshika. Haijashika. Kinachozuia donge kukua kwa kweli ni kupungua kwa prothrombini na kigandishi X, na hivyo bado vipo.

Kwa wengi kipindi hiki kinapita kimya. Kwa wachache, kati ya siku ya tatu na ya kumi, ngozi inaanza kuuma sana sehemu zenye mafuta mengi: mapajani, matakoni, kwenye matiti. Inakuwa nyekundu, kisha ya zambarau, kisha nyeusi. Ukichukua kipande cha ngozi hiyo na kukitazama kwa hadubini, unakuta mishipa midogo imezibwa na fibrini. Kumbukeni, ni katika mishipa hiyo midogo ambamo thrombomodulini na protini C hutegemewa zaidi. Mgonjwa amepewa dawa ya kuzuia donge, na amepata madonge. Matibabu ni kusimamisha wafarini, kumpa vitamini K, kumwanzishia heparini, na kumrudishia protini C kwa plazma au kwa protini C iliyosafishwa kama ipo.

Ndiyo maana kanuni inasema anayeanzishiwa wafarini kwa ajili ya donge apewe na heparini kwa angalau siku 5, na isisimamishwe mpaka INR ifike 2 na kudumu hapo kwa saa 24. Heparini hupitia kwa antithrombini, haihitaji protini C, kwa hiyo inalinda wakati tunasubiri prothrombini ishuke. Nimewahi kusikia kanuni hii ikiitwa urasimu. Siku 5 zile ni muda wa prothrombini kupungua nusu mara mbili, si vinginevyo. Dawa mpya kama apiksabani na rivaroksabani huzuia kitu kingine kabisa, kigandishi X kilichoamka, wala hazipunguzi protini C, na hivyo hazina tatizo hili la siku za mwanzo.

Nimalizie na kinachofuata donge likishakuwepo. Seli za utando wa mshipa hutoa kiamshi kinachoigeuza plazminojeni kuwa plazmini, na plazmini huikata fibrini. Hapa pia mahali ndipo panapoamua: kiamshi hiki hufanya kazi vizuri kikiwa kimeshika fibrini yenyewe, na plazmini ikiachia fibrini na kuingia kwenye damu huzimwa mara moja. Kwa hiyo donge huyeyuka, lakini fibrinojeni ya mwili mzima haiguswi.

Vipande vinavyobaki baada ya fibrini iliyoshonwa kukatwa ndivyo tunavyovipima kwa jina la D-dimeri. Haviwezi kutokea kama fibrini haikutengenezwa, ikashonwa na kigandishi XIII, kisha ikakatwa na plazmini. Watu wengi wanakisoma kipimo hiki vibaya. Mgonjwa ambaye dalili zake hazitilii shaka kubwa, D-dimeri yake ikiwa ya kawaida, unaweza kuliondoa donge katika orodha yako. Ikiwa juu, haijakwambia mengi: hupanda katika ujauzito, baada ya upasuaji, kwenye maambukizi, kwenye saratani, na kwa umri tu. Huyo anahitaji kupigwa picha ya ultrasaundi ya mguu. Na yule ambaye mguu wake mmoja umevimba wiki moja baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mpelekeni kwenye ultrasaundi moja kwa moja, msipoteze muda na D-dimeri.

Asanteni. Nakaribisha maswali.